Modemu au ruta? Soma taa za pande mbili za waya mmoja

Mvua za radi zikianza hapa Dodoma, Desemba hivi, simu ninazopigiwa zinafanana: "Fundi, waifai imejaa lakini haifunguki kitu." Wengi wakishaona hivyo wanaamua kampuni ndiyo yenye tatizo, au wanakimbilia mjini kununua ruta mpya. Waifai kujaa kunaonyesha kwamba simu yako na ruta zinasikilizana, basi. Intaneti imekatikia wapi kati ya ruta na barabarani, hilo utalijua kwenye taa nyingine.

Nazungumzia nyumba zenye vifaa viwili. Cha kwanza ni modemu ya faiba, kile kiboksi ambacho mafundi wa kampuni walikifunga ukutani. Cha pili ni ruta ambayo mwenye nyumba kainunua mwenyewe ili waifai ifike hadi vyumba vya nyuma. Kati yao kuna waya mfupi wa netiweki, unaotoka tundu la LAN1 la modemu na kuingia tundu la WAN la ruta. Kujua kipi kimekufa ni suala la pesa, kwa sababu modemu kwa kawaida ni mali ya kampuni na ruta ni yako.

Mimi huanzia upande wa barabarani nikielekea ndani. Kwenye modemu naangalia taa mbili, PON na LOS. PON ikiwaka kijani na kutulia, mwanga unafika kwenye faiba na mtambo wa kampuni umeitambua modemu yako. LOS inapaswa kuwa imezima. Ikimetameta nyekundu, mwanga haufiki, na hapo hakuna unachoweza kurekebisha kwenye mipangilio ya ruta wala ya modemu. Kagua tu ule waya mwembamba wa faiba: haujabanwa na mguu wa meza, haujakunjwa kwa kona kali, na kichwa chake cha kijani kimeingia hadi mwisho. Ukiwa sawa, tatizo liko nje, piga simu kampuni. Usichomoe kile kichwa ukachungulia ndani, maana mwanga unaopita humo ni leza isiyoonekana kwa macho.

PON ikimetameta huku LOS imezima, modemu bado inajitambulisha kwa mtambo. Baada ya umeme kurudi hilo ni la kawaida kwa dakika chache. Ikiendelea hivyo muda mrefu, huenda mwanga unafika lakini ni hafifu, au usajili wa modemu una kasoro upande wa kampuni. Hilo nalo ni lao. Na kama kifurushi kimeisha, kwa kawaida PON hubaki imetulia. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kifaa, hakikisha umelipia.

PON ikiwa imetulia, nahamia kwenye ule waya mfupi. Waya huo una taa mbili, moja kila mwisho: LAN1 kwenye modemu, na WAN kwenye ruta. Ruta nyingine huichora taa ya WAN kama dunia ndogo, na hiyo dunia inaweza kuwa na rangi ya chungwa maana yake waya umeunganika ila intaneti haijapita. Tofauti hiyo ni kubwa. Rangi ya chungwa inakuelekeza kwenye mipangilio au akaunti. Kuzima kabisa kunakuelekeza kwenye waya au tundu.

Nilikwenda nyumbani kwa mama mmoja Ilazo asubuhi baada ya usiku wa radi. Modemu yake ilikuwa na PON ya kijani imetulia, LOS imezima. Taa ya waifai ya ruta ilikuwa inacheza vizuri. Lakini LAN1 ya modemu ilikuwa imezima, na WAN ya ruta imezima. Taa zote mbili za waya mmoja zikizima, watuhumiwa ni watatu: waya wenyewe, tundu la modemu, au tundu la ruta. Taa peke yake haziwezi kukuchagulia, inabidi uhamishe waya.

Nikachomoa waya kwenye ruta, nikauchomeka kwenye kompyuta yangu. LAN1 ikawaka, na baada ya kuzima waifai ya kompyuta nikaandika amri ya kupima kama intaneti inajibu:

```
ping 8.8.8.8
```

Majibu yakaja. Waya mzima, modemu nzima, na kampuni haina kosa. Nikaurudisha waya kwenye ruta, safari hii kwenye tundu la LAN badala ya WAN, na taa zikawaka pande zote mbili. Kumbe lililokufa ni tundu la WAN peke yake. Faiba haipitishi umeme, ila adapta za vifaa vyote viwili zinategemea umeme wa nyumba, na mshtuko ukiingia huko huweza kupita kwenye waya wa netiweki na kuunguza tundu huku sehemu nyingine ya kifaa ikiendelea kufanya kazi. Ndiyo maana waifai ilikuwa imejaa.

"Sasa baba, ndiyo ninunue nyingine?" akaniuliza. Nikamwambia, "Si lazima leo, mama." Modemu yake ilikuwa yenyewe inaingia kwenye intaneti na kugawa anwani, kwa hiyo ruta ingeweza kubaki ya kusambaza waifai tu. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta, nikaipa anwani `192.168.100.2` kwa kuwa modemu ilikuwa `192.168.100.1`, nikazima DHCP, ile kazi yake ya kugawa anwani, kisha nikaacha waya kwenye tundu la LAN. Waifai ikarudi kwa jina lile lile na nywila ile ile. Ukisahau kuzima DHCP, vifaa viwili vitagawa anwani kwa wakati mmoja na simu zitaunganika leo na kugoma kesho. Njia hii haiwezekani pale ambapo modemu inapitisha tu na ruta ndiyo inayoingia kwa jina la mtumiaji na nywila za kampuni. Hapo tundu la WAN likifa, ruta inabadilishwa.

Hilo la jina la mtumiaji ndilo linanifanya nisisitize: usichome pini kwenye kile kitobo cha RESET kabla hujajua tatizo. Taa zitazima na kuwaka kama vile kitu kimetengenezwa, lakini umefuta mipangilio yote, na ruta iliyokuwa na shida ndogo sasa haina hata namna ya kuingia kwenye mtandao. Kuzima kwenye swichi, kusubiri kidogo na kuwasha tena kunatosha kwa jaribio.

Kuna hali moja ambapo taa hudanganya, nayo ni adapta iliyochoka. Taa ya POWER inawaka, nyingine zinawaka moja baada ya nyingine, halafu zote zinazima pamoja na kuanza upya, hasa watu wengi wakitumia. Mtu anasema modemu imekufa, kumbe adapta haibebi tena mzigo. Soma maandishi ya nyuma ya kifaa kabla ya kuazima adapta ya kujaribia: volti lazima zilingane, na ampea ziwe sawa au zaidi. Modemu nyingi ni volti 12 na baadhi ya ruta ni volti 9, na plagi zake huingiliana bila shida. Ukiichomeka ya 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiua ile iliyokuwa nzima.

Ukipiga simu kwa kampuni au kwa fundi, tutajie taa kwa majina na rangi: PON iko vipi, LOS iko vipi, LAN1 inawaka au imezima, na WAN ya ruta ina rangi gani. Tukisikia LOS nyekundu, anayepaswa kuja ni fundi wa faiba wa kampuni. Tukisikia PON imetulia na LAN1 imezima, aje mwenye waya wa akiba na kompyuta.