Suruali nyeusi ya rundoni

Inakuwaje suruali ya mtumba inunuliwe soko la Darajani, mjini Zanzibar, kwa shilingi 3,000, kisha iuzwe Paje, kijiji cha hoteli za pwani, kwa 12,000 wiki hiyo hiyo?

Mwenye mtumba hununua robota zima limefungwa. Akishalifungua, nguo bora huzitundika na kuzitaja bei kubwa, zilizobaki huzimwaga chini kwa bei moja. Robota likisharudisha fedha yake, hana tena sababu ya kukagua kipande kimoja kimoja. Ndiyo maana rundoni huangukia pia suruali nzima kabisa iliyoharibika zipu tu.

Ila urahisi wa bei peke yake hauuzi. Suruali nyeusi ya kitambaa hutoka upesi kwa sababu ina mtu anayeihitaji kwa tarehe. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza kazi Aprili na Mei, wakati wa masika, na Juni wageni hurudi. Mhudumu anayeanza kazi mara nyingi hutakiwa avae suruali nyeusi na shati jeupe, na mshahara wa kwanza hajaupata. Basi mzigo ukusanywe Mei.

Ukaguzi ufanyike juani, kwani chini ya turubai buluu nzito huonekana nyeusi. Iweke kando ya nguo unayojua ni nyeusi. Tazama makalio na magoti: kama panang'aa, nyuzi zimelika kwa kusuguliwa au zimeunguzwa na pasi, na mng'aro ule hautoki kwa urahisi. Inue kwenye mwanga uone msamba kama umekonda. Mimi suruali iliyokonda msamba siigusi hata nikipewa bure, maana itachanika mtu yuko kazini na jina lako ndilo litakaloharibika. Zipu, kifungo na pindo ni mambo ya fundi cherehani. Lebo nayo isikuchanganye: 48 ya Ulaya ni karibu sawa na kiuno cha inchi 32. Pima kiuno kwa futi ya fundi.

Tuseme umeinunua 3,000, zipu na ufundi 2,000, kufua na kupiga pasi 500, na sehemu yake ya nauli 500. Imesimama kwa 6,000. Ukiiuza 12,000 umepata 6,000. Sasa ilinganishe na koti zuri la sufu ulilolichukua kwa 6,000 ukitarajia 25,000. Faida yake kwenye karatasi ni 19,000, lakini kwa joto letu laweza kutundikwa miezi mitatu, na ukungu ukaliwahi kabla ya mnunuzi. Katika miezi hiyo 6,000 ile ile, ikizunguka mara moja tu kila wiki mbili kwenye suruali, ingezaa faida mara sita, yaani 36,000.

Viuno vya inchi 30 hadi 34 ndivyo vya kuchukua kwa wingi. Cha 40 chukua pale tu mtu amekwisha kukuagiza.