Macho Mekundu Hayakumuua Mtoto

Usukumani, bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi ya ng'ombe huwa na macho mekundu. Ni moshi tu. Lakini mtoto wa jirani akifa ghafla kwa homa na degedege, macho hayo hayo yanageuka ushahidi kwamba bibi ni mchawi.

Mambo huanzia kwa mpiga ramli. Familia inafika na msiba wake, naye anauliza: mmegombana na nani? Nani alikuja kwenu kabla mtoto hajaugua? Kisha anasema, "Ni mwanamke mzee, haishi mbali." Jina halitaji. Wafiwa ndio wanaolijaza wenyewe, tena wakiamini wamelitoa kwake. Hiyo ndiyo ramli chonganishi.

Malaria inaeleza mtoto amekufaje, lakini mama aliyefiwa anauliza kwa nini wangu, kwa nini leo. Swali hilo linauma mno, na mtu wa kulaumiwa analipoza. Huyo anayepatikana mara nyingi ni mjane aliyekuja kijijini kwa kuolewa, watoto wake wako mbali, hana wa kumtetea. Pengine ana shamba ambalo ndugu wa marehemu mumewe wanalitaka. Akikana, anaitwa mkaidi, akinyamaza, amekiri. Hakuna jibu la kumwokoa.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa wilayani Meatu, huko huko Usukumani. Aligundua kwamba miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa takriban maradufu ya miaka mingine, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Kwangu mimi hili ndilo la kutafakari kuliko yote: mvua ndiyo iliyoharibu mahindi, ghala likawa tupu, na bibi akaonekana mdomo wa ziada wa kulishwa. Ndiyo maana wakati mwingine mkono unaomkata umetoka ndani ya ukoo wake.

Dalili huonekana mapema, kabla ya panga. Watu wanaacha kuitikia salamu yake, watoto wanakatazwa kuingia kwake, hakuna anayekunywa maji ya mtungi wake. Wakati mwingine karatasi ya vitisho inakutwa mlangoni alfajiri. Ukiona hivyo, usingoje ushahidi zaidi. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, na kama yeye mwenyewe ni upande wa watuhumu, nenda moja kwa moja polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Karatasi ile itunzwe, isichomwe. Na aliyelitamka jina la bibi kilabuni ajue kuwa Sheria ya Uchawi ya Tanzania inahesabu kumwita mtu mchawi kuwa kosa, hata kama hakuna aliyeguswa.

Usiku huo, bibi asilale peke yake.