Dakika 20 na mtu usiyemjua: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mtu anayetunza stoo ya vigae Kariakoo na anayetaka kuhamia kwenye uwakala wa forodha, akaandae nyaraka za kutoa mizigo bandarini. Hana ndugu wala jirani anayefanya kazi hiyo. Kabla hajaacha stoo anahitaji kuzungumza na mtu aliye ndani ya fani, ajue kazi yenyewe ikoje. Mtu huyo hamfahamu, na hapo ndipo dhana kadhaa humponza.

Dhana: Ukijishusha sana ndiyo adabu

Meseji nyingi za namna hii huandikwa hivi: "Shikamoo bosi, samahani sana kwa usumbufu, mimi mdogo wako nimehangaika mno, naomba unisaidie chochote." Anayeiandika anaamini ameonyesha heshima. Neno linaloharibu ni "chochote". Mpokeaji haoni ombi linaishia wapi: ni pesa, ni kazi, au ni kupigiwa simu kila wiki? Anakawia kujibu kwa sababu jibu lolote litafungua mlango asiojua ataufungaje. Mtu husikika mwenye dhiki pale ombi lake linapokosa mipaka, hata kama maneno yake ni ya upole.

Kuandika "Habari" peke yake na kusubiri hakusaidii pia. Watu wa mjini wamechoshwa na meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", na salamu tupu kutoka namba ngeni huwekwa kwenye kapu hilohilo.

Salamu iwe moja, ombi lifuate papo hapo. Shikamoo itumike pale unapojua kwa hakika kwamba amekuzidi umri. Kama hujui, "habari za asubuhi" pamoja na kaka au dada na jina lake inatosha. Mtunza stoo wetu angeandika hivi:

"Habari za asubuhi, dada Neema. Hatufahamiani, nimeona wasifu wako LinkedIn. Natunza stoo ya vigae Kariakoo, huu mwaka wa tatu, na kontena likifunguliwa mimi ndiye ninayelinganisha ankara na mzigo. Nataka kuhamia kwenye kuandaa nyaraka za forodha, na nimeona wewe ulianzia ghalani. Naomba dakika 20 kwa simu, Jumatano au Alhamisi ijayo baada ya saa kumi jioni, nikuulize maswali matatu kuhusu hatua hiyo. Siombi kazi. Ukiwa umebanwa, hata jibu fupi la maandishi litanifaa."

Yote hayo hayafiki maneno 80. Yanaeleza yeye ni nani, kwa nini amemchagua huyu dada na si mwingine, anataka nini, kwa muda gani, na dada anaweza kujitoaje bila aibu. Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo inayompa mpokeaji nafasi ya kupumua. Dada akiona anaweza kukataa kwa urahisi, hana haja ya kukukimbia.

Dhana: Ambatanisha wasifu wako wa kazi ili kumrahisishia

Ukiambatanisha wasifu kwenye meseji ya kwanza, mazungumzo yamegeuka maombi ya kazi, na maombi ya kazi yana njia yake. Atakujibu "tuma kwa watu wa utumishi" na mlango umefungwa kwa adabu kabisa. Kibaya zaidi, ukiwa umeandika "siombi kazi" kisha ukaupenyeza, umemwonyesha kwamba neno lako halishiki. Uandae, uwe nao, utume siku atakayouomba mwenyewe.

Dhana: Mtafute mkubwa kabisa, ndiye mwenye uwezo

Mkurugenzi wa kampuni ya uwakala huenda ana miaka mingi hajaandaa nyaraka kwa mkono wake. Hawezi kukuambia karani mpya hukosea wapi wiki ya kwanza. Mtu wa kumtafuta ni yule mwenye miaka mitatu hadi mitano kwenye kazi unayoitaka. Anakumbuka alivyoingia, na kwa kawaida haandikiwi na watu wengi.

Pa kumpata ni LinkedIn, kwa kutafuta jina la kazi pamoja na Dar es Salaam. Kuna pia Maonesho ya Sabasaba kila mwaka, viwanja vya Barabara ya Kilwa. Aliyesimama kwenye banda amewekwa pale azungumze na wageni, hivyo kumsogelea si kumvamia. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla umati haujajaa. Muulize swali moja, kisha omba ruhusa ya kumwandikia baadaye.

Dhana: Maswali yoyote yanafaa, muhimu ni kuanza kuongea

Ukimuuliza "cheti gani kinahitajika?" umemwambia kwamba hukujisumbua. Kozi ya cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki hutolewa na Chuo cha Kodi cha TRA, na habari zake zinapatikana bila kumsumbua mtu. Mwulize yasiyoandikwa popote. Mtunza stoo anaweza kuuliza: "Mimi nazijua bidhaa lakini sijui mfumo. Naanzia kwenye nyaraka au kufuatilia kontena bandarini?" Au: "Vigae vikipewa msimbo wa ushuru usio sahihi, nani hugundua, na mzigo hukwama wapi?" Swali la pili linaonyesha kwamba anajua bidhaa hulipiwa ushuru kulingana na msimbo wake wa tarakimu nane, na kwamba kuukosea ni gharama. Swali la namna hiyo humfanya mtu aongee kama na mwenzake wa kazi.

Matatu yanatosha. Dakika 20 zikifika, sema zimefika hata kama anaendelea. Akitaka kuongeza, aongeze yeye. Kama mnaonana ana kwa ana, mfuate jirani na ofisi yake. Usimvutie Mlimani City kama yuko Kurasini. Chai au soda lipa wewe, na useme hivyo mapema.

Dhana: Asipojibu, piga mpaka apokee

Tiki mbili za bluu maana yake amesoma, basi. Huenda meli imeingia na ana wateja watano wanaodai mizigo yao. Subiri siku saba za kazi, kisha andika mara moja tu, mistari miwili, ukipendekeza siku nyingine. Akinyamaza tena, mwache. Usimpigie simu bila miadi, na usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne, maana hawezi kuusikiliza akiwa kazini.

Kuna jambo la kwetu hapa: watu wengi hawakupi "hapana" usoni. "Tutaangalia", "nitakutafuta" na "wiki ijayo nikiwa na nafasi", bila siku kutajwa, mara nyingi ndiyo hapana yenyewe. Jibu "Asante dada, nashukuru", uishie hapo. Anayekubali kweli hutaja siku au huuliza swali.

Dhana: Mwisho wa mazungumzo ndio muda wa kuomba nafasi

Mwisho ni muda wa kuuliza: "Kuna mtu mwingine mmoja unayeona ningefaa kuzungumza naye, na naweza kutaja jina lako?" Sehemu ya pili ya swali usiiruke. Ukilitumia jina lake bila ruhusa, habari zitamfikia.

Siku hiyohiyo mwandikie shukrani, ukitaja kitu kimoja alichokuambia. Baada ya wiki tatu au nne, ukishakifanyia kazi, mjulishe: "Ulinishauri nianze na nyaraka. Nimejiandikisha kozi inayoanza mwezi ujao." Usiongeze ombi lolote kwenye meseji hiyo.