Saa tatu usiku ya Mwanza ni saa ngapi Houston?

Je, mpishi wa keki wa Mwanza mwenye wateja Muscat, London na Houston aposti saa ngapi?

Saa 3 usiku, kama posti inahitaji majibu usiku huohuo. Tuseme anauza keki ambazo ndugu walio nje huwalipia wazazi wao wa Nyegezi au Ilemela. Mteja wa namna hiyo hapendi picha akanyamaza. Anauliza bei, anataja jina la kuandikwa juu ya keki, anaomba namba ya malipo. Kwa hiyo cha kutafuta ni saa ambayo muuzaji na mnunuzi wote wako macho.

Kati ya Novemba na Machi, saa 3 usiku Mwanza ni saa 4 usiku Muscat, saa 12 jioni London, watu wakitoka kazini, na saa 6 mchana Houston, wakila. Akiposti saa 2 asubuhi kwa kuwazia wateja wa mjini tu, London bado ni saa 11 alfajiri na Houston ni saa 5 usiku wa jana. Posti itaonekana baadaye, lakini swali la Houston huenda likafika yeye akiwa amelala.

Hesabu hiyo haidumu mwaka mzima. Mwanza iko karibu na ikweta, mchana wake haubadiliki sana, na Tanzania haigusi saa zake, Oman vilevile. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo Houston iko nyuma yetu kwa saa 8 badala ya 9, huku London ikibaki nyuma kwa saa 3 hadi nayo isogee, zibaki 2. Mwishoni mwa Oktoba Uingereza hurudisha saa kwanza, Marekani hufuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiona maswali ya wateja wa London yameanza kuingia saa nzima mapema, tazama kalenda kabla ya kulaumu mtandao.

Kwa stetasi ya WhatsApp usijisumbue hivyo. Inakaa saa 24, kila mtu ataikuta akiamka. Kazi yote hii ni ya matangazo ya moja kwa moja na ofa za muda mfupi, na hapo andika saa kwa namna isiyo na utata: "21:00 Mwanza, 18:00 London". Mpwa aliyekulia Houston akisoma "saa 3 usiku" atadhani ni saa tisa ya usiku wa manane, na mimi simlaumu.

Kuhakikisha, pitia meseji za oda za mwezi uliopita na uangalie namba za +968, +44 na +1 zilianza kuandika saa ngapi. Kama za +1 huja alfajiri, wateja wako wa Houston hununua usiku wao. Wawekee posti ya pili saa 12 asubuhi, kwao ikiwa saa 3 usiku, au saa 4 wakati wa kiangazi chao.