Fedha Zilizoingia Si Mauzo: Jinsi ya Kulinganisha Malipo ya Soko la Mtandaoni na Oda Zako

Tangu mvua zianze, dawati letu la elimu kwa wafanyabiashara hapa Tabora limepokea malalamiko mengi ya aina moja. Mtu ameuza kupitia soko la mtandaoni, amejumlisha oda zake, kisha fedha zilizoingia kwenye simu au benki zikawa pungufu sana. Anakuja akiwa ameshahitimisha kwamba ameibiwa. Wengine huja na tatizo la pili bila kujua kuwa ni tatizo: wamejaza ritani ya kodi kwa kutumia kiasi kilichoingia benki.

Tunaamini wafanyabiashara hawa wana nia njema. Hata hivyo ni lazima tuseme wazi kwamba jumla ya oda na kiasi kilicholipwa hazikuundwa zilingane. Anayezipambanisha moja kwa moja atahangaika kila mwezi. Kinacholinganishwa ni oda moja moja na taarifa ya malipo, yaani ule mchanganuo ambao soko hutoa kila linapofunga mzunguko wa malipo. Wengi wanaofika ofisini hawajawahi kuufungua. Wanasoma ujumbe wa simu tu.

Tuchukue hesabu ya mama mmoja anayeuza asali ya Sikonge katika makopo ya kilo mbili, shilingi 25,000 kila kopo, wateja wake wengi wakiwa Dar es Salaam. Kati ya tarehe 1 na 14 Machi alipata oda 40, yaani shilingi 1,000,000. Alilipwa 609,200. Kwake yeye, shilingi 390,800 zilikuwa zimepotea.

Tulianza na tarehe. Oda ina tarehe tatu: siku mteja alipoagiza, siku mzigo ulipomfikia, na siku soko lilipomlipa muuzaji. Mama huyu alihesabu kwa tarehe ya kwanza. Soko lake huhesabu kwa tarehe ya pili. Kati ya oda 40, tisa zilikuwa bado njiani mzunguko ulipofungwa, mabasi yakiwa yamechelewa kwa sababu ya barabara. Hizo ni 225,000 ambazo hazimo kabisa kwenye taarifa. Kwa upande mwingine, oda nne za mwisho wa Februari ziliwafikia wateja mwezi Machi, zikaingiza 100,000. Kwa hiyo taarifa ilikuwa na oda 35 za thamani ya 875,000, na pengo la 125,000 limetokana na kalenda peke yake. Hakuna aliyechukua chochote hapo.

Kisha makato. Kamisheni ya soko hilo ni asilimia 12, sawa na 105,000 kwa oda 35, na ada ya kushughulikia mzigo ni 1,000 kwa kila oda, yaani 35,000. Katika mkataba wake ada zote zimeshajumuisha VAT. Kwenye masoko mengine VAT ya asilimia 18 juu ya ada huandikwa mstari wake peke yake, na muuzaji asiyejua huiona kama makato ya ajabu. Palikuwepo pia 30,000 za matangazo aliyoyawasha mwenyewe Februari akayasahau. Haya hayahusiani na oda yoyote, kwa hiyo usiyatafute kwenye oda.

Fedha zilizozuiliwa ndizo zinazoleta hasira kuliko zote. Soko huzuia sehemu ya fedha ili likitokea dai la mteja, liwe na pa kulipia. Masoko hutofautiana. Amazon, kwa mfano, hufunga hesabu za wauzaji wengi kila siku 14, na kwa kawaida hushikilia fedha za oda hadi siku saba baada ya mzigo kufika. Soko la mama huyu hutumia njia nyingine: huzuia asilimia 10 ya mauzo ya mzunguko na kuyaachia mzunguko unaofuata. Machi walimzuilia 87,500 na kumwachia 62,500 za mzunguko uliotangulia. Tofauti ni 25,000. Hizo ni fedha zake, hazijaliwa, ila hazijafika. Kwenye taarifa yake mistari yote miwili ilikuwa na neno `Reserve`, mmoja wa hasi na mwingine wa chanya. Aliyesoma wa hasi tu akakasirika hatumlaumu, lakini tunamwomba arudi asome na wa pili.

Yanabaki marejesho ya wateja, na hapa ndipo palipokuwa na kosa la kweli. Wateja watatu walirudishiwa fedha zao, jumla 75,000. Kwa mkataba wake, mteja akirudishiwa fedha, soko linamrudishia muuzaji kamisheni ya 3,000, halirudishi ile ada ya 1,000, na linatoza 600 kwa kushughulikia marejesho. Alipaswa kurudishiwa 9,000 za kamisheni. Taarifa ilionyesha 6,000. Ukijumlisha mistari yote ya taarifa unapata 609,200 kamili, sawasawa na kilichoingia. Maana yake taarifa inaweza kulingana na benki hadi shilingi ya mwisho na bado ikawa na kosa ndani yake.

Kosa la namna hiyo halionekani kwenye jumla. Linaonekana kwenye oda. Pakua taarifa ya malipo na orodha ya oda, uziweke kwenye kurasa mbili za faili moja. Ukurasa wa `Oda` uwe na namba ya oda kwenye safu A. Ukurasa wa `Taarifa` uwe na namba ya oda kwenye safu C na kiasi kwenye safu F. Kisha kwenye `Oda`, mbele ya kila oda, andika:

```
=SUMIFS(Taarifa!F:F, Taarifa!C:C, A2)
```

Fomula hii inakusanya kila mstari unaohusu oda moja: mauzo, kamisheni, ada, marejesho. Bandika taarifa za mizunguko miwili au mitatu pamoja, moja chini ya nyingine, kwa sababu mteja wa Februari anaweza kurudishiwa fedha Machi. Ilitokea hivyo kwa mama huyu. Oda yake moja ilikuwa imeshalipwa Februari, na kwenye taarifa ya Machi peke yake ilionekana kama hasi 22,600 isiyo na mzazi.

Baada ya hapo namba zinajieleza zenyewe. Oda ya 25,000 iliyofika salama lazima ibaki na 21,000. Iliyo njiani inaonyesha sifuri. Iliyorudishwa inapaswa kuishia hasi 1,600, yaani ada ya 1,000 na ile 600. Kwenye faili lake, moja kati ya zile tatu ilisoma hasi 4,600. Tofauti ni 3,000 kamili, ambayo ni kamisheni ya oda moja. Tulichukua chini ya saa moja kuipata, na sehemu kubwa ya saa hiyo iliishia kwenye kusafisha namba za oda, kwa kuwa faili moja lilikuwa limeweka nafasi tupu mwishoni mwa kila namba. Ukiona sifuri kwa oda unayojua imelipwa, kagua hilo kwanza kabla ya kumtuhumu mtu.

Kwa hiyo zile 390,800 zilikuwa hivi. Shilingi 150,000 zilikuwa njiani au zimezuiliwa, 170,000 ni gharama za kamisheni, ada na matangazo, na 70,800 zimetokana na marejesho. Ndani ya hizo za mwisho, 3,000 ndizo za kudai.

Dai hilo linaandikwa kwa namba ya oda, tarehe ya marejesho, kiasi kilichotarajiwa, kiasi kilichoonekana, na kifungu cha mkataba kinachohusika. Oda moja, dai moja. Usiandike kwamba fedha haziko sawa kwa ujumla, maana utajibiwa kwa ujumla. Angalia pia ukomo wa muda wa kudai kwenye mkataba wako, kwa kuwa ukipita, haki yako inakuwa ngumu kuisimamia. Na kama mteja alirudishiwa fedha kwa sharti la kurudisha mzigo, hakikisha kopo limerudi kweli mkononi mwako. Lisiporudi, hilo ni dai lingine, linaandikwa peke yake.

Sasa kodi, na hapa tunaomba usikivu. Mauzo ya mama huyu kwa mzunguko ule si 609,200. Si 1,000,000 pia. Ni 875,000 kutoa 75,000 zilizorudishwa, yaani 800,000. Kamisheni na matangazo ni gharama za biashara, hazipunguzi mauzo. Mteja aliyelipa 25,000 apewe risiti ya 25,000. Kumwandikia 21,000 kwa sababu ndiyo iliyokufikia ni kosa, na tumelirudia hili kwenye semina kadhaa.

Anayejaza kiasi kilichoingia benki anapunguza mauzo yake bila kukusudia. Akishajaza hivyo, kisha akadai kamisheni kama gharama, ameikata mara mbili. Na kwa anayelipa kodi kwa kukadiriwa kwa mauzo ghafi, kamisheni haipunguzi chochote, kwa hiyo kosa lake linaonekana moja kwa moja.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Taarifa za malipo za soko ni kumbukumbu. Masoko mengi huziondoa kwenye akaunti baada ya muda, au akaunti yenyewe hufungwa, na sababu hiyo haikuondolei wajibu. Zipakue kila mzunguko unapofungwa. Adhabu ya kutotunza kumbukumbu, sawa na ile ya kuchelewesha ritani, huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Siku mbili ndani ya mwezi mpya zinahesabika kama mwezi. Wapo wanaodhani adhabu hutozwa mara moja kisha ikaisha. Haiishi hadi kosa lirekebishwe.

Ukipewa makadirio usiyokubaliana nayo, pingamizi linawasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopokea taarifa ya makadirio, likiwa na sababu na vielelezo, pamoja na kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa. Faili la oda moja moja ndilo kielelezo kitakachosomwa. Picha ya ujumbe wa simu haionyeshi kamisheni wala marejesho.

Wanaohitaji msaada wa dawati waje na taarifa za mizunguko mitatu mfululizo, orodha ya oda za kipindi hichohicho, na mkataba wa soko. Mama wa asali alirudishiwa 3,000 zake kwenye taarifa ya mzunguko wa pili wa Aprili, kwa mstari wa marekebisho uliobeba namba ya oda ya Machi. Tulimwelekeza aubandike kwenye faili lilelile, na ile oda ikasoma hasi 1,600.