"Nilipata dharura" si sababu: ujumbe wa mjumbe aliyekosa kikao

Wiki hii nimepokea tena ujumbe usemao, "Poleni wajumbe, nilipata dharura iliyo nje ya uwezo wangu, tuko pamoja." Nilipomwuliza aliyeuandika, faraghani, kama yuko salama, alinijibu kwamba yuko salama kabisa, alikuwa amekosea saa ya kikao, ila aliona sababu hiyo ni ndogo mno kutajwa mbele ya kamati. Nimekuwa katibu wa vikao kwa muda mrefu, vya ofisini na vya kamati za mtaani, na imani hii nimeichoka kwelikweli: kwamba sababu ndogo haifai kuandikwa, hivyo ama ikuzwe ama ifichwe nyuma ya neno zito.

Fikiria neno hilo linafanya nini likishatua kwenye kundi la kamati. Kwetu dharura huitikiwa. Mjumbe mmoja anauliza kama kuna msiba, mwingine anapiga simu nyumbani, mweka hazina anaanza kuuliza kama tuchange chochote, na Mwenyekiti anaahirisha kukudai kazi uliyoahidi kwa sababu si uungwana kumdai mtu aliye kwenye matatizo. Huruma hiyo yote umeichukua kwa sababu ya saa uliyoisoma vibaya. Zaidi ya hayo, siku mtoto wako atakapolazwa kweli, utakuwa na neno lile lile tu la kutumia, na wajumbe watalipokea kwa mashaka.

Sababu huandikwa ili Mwenyekiti aweze kukadiria mambo mawili: je, jambo hili litajirudia, na je, kazi iliyo mikononi mwako imekwama au inaendelea? Sababu ndogo iliyo ya kweli hujibu yote mawili kwa sentensi moja, ilhali neno "dharura" halijibu hata moja.

Nitachukua mfano wa kamati ya ujenzi ya shule. Mwaliko ulisema "Jumatano, saa 9:00", basi. Katibu aliinakili saa hiyo kutoka kwenye kalenda ya simu yake, akimaanisha saa tatu asubuhi. Mjumbe aliyetakiwa kuleta profoma za mabati aliisoma kuwa saa tisa alasiri, naye hakukosa akili, kwa sababu saa zote mbili ni za kazi na kamati huweza kukutana wakati wowote kati ya hizo. Saa tano asubuhi anaona picha za kikao kwenye kundi. Kikao kimefungwa.

Hatua ya kwanza si kuandika. Ampigie katibu na kumwuliza jambo moja tu: ajenda yangu imeamuliwaje? Bila jibu hilo hawezi kujua kosa lake limegharimu nini, na ataandika radhi ya jumla isiyomgusa mtu. Katibu anamwambia kwamba ajenda ya mabati iliahirishwa kwa kukosa profoma, mengine yamepita. Sasa aandike, siku hiyo hiyo:

"Ndugu Mwenyekiti na wajumbe, sikuhudhuria kikao cha leo asubuhi. Niliisoma saa 9:00 ya kwenye mwaliko kuwa ni saa tisa alasiri, wala sikuuliza. Naomba radhi, hasa kwa kuwa ajenda ya mabati imeahirishwa kwa ajili yangu. Profoma tatu za mabati ya geji 28 nitazituma hapa leo kabla ya saa 11 jioni. Nitaisoma rasimu ya muhtasari itakapotoka, na kesho kuanzia saa 2 asubuhi naweza kufika kwa Mwenyekiti kujibu maswali ya bei."

Hiyo inatosha. Wapo watakaosema ni fupi mno na inakosa adabu, kwa kuwa haikuanza na kuwaulizia wajumbe hali. Sikubaliani nao. Salamu ya neno moja haina ubaya, ila aya nzima ya kutakiana heri kabla ya kukiri humfanya msomaji ahisi kwamba anaandaliwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu hata watu makini hulikosea. Wengi hudhani kwamba tofauti ya sababu na kisingizio ni ukweli: ukisema kweli umetoa sababu, ukisema uongo umetoa kisingizio. Sivyo. Katika mfano wetu mjumbe angeweza kuandika, "Mwaliko haukufafanua kama ni asubuhi au alasiri," na kila neno lingekuwa kweli, lakini hicho ni kisingizio. Angeweza pia kuandika, "Kulitokea mkanganyiko wa saa," nayo ni kweli, lakini hapo hakuna mtu aliyefanya lolote. Mkanganyiko umejitokea wenyewe kama mvua. "Niliisoma kuwa saa tisa, wala sikuuliza" ni tukio lile lile, ila mtendaji wa vitenzi vyote viwili ni yeye anayeomba radhi. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: nautazama ujumbe na kuuliza nani anafanya nini ndani yake. Nikikuta kikao kimempita, muda umemtupa mkono, foleni imemshika, simu imemzimikia na yeye mwenyewe hajafanya lolote tangu mwanzo hadi mwisho, najua nasoma kisingizio hata kama yote yalitokea.

Foleni nayo ni mfano mzuri kwa sababu iko kila siku. "Nilikwama kwenye foleni" humwambia Mwenyekiti kwamba kesho atakwama tena. "Nilitoka nyumbani saa 2:30, nikaikuta foleni niliyopaswa kuitarajia" humwambia kwamba anayeandika anajua mahali pa kurekebisha. Maneno yamezidi yale ya kwanza kwa kiasi kidogo tu, lakini kazi yake ni tofauti kabisa.

Vipande vidogo vya "wala sikuuliza" na "niliyopaswa kuitarajia" ndivyo watu huvifuta kabla ya kutuma, wakiona vinawadhalilisha. Tafadhali viacheni. Bila hivyo msomaji hulazimika kukamilisha lawama mwenyewe, na akiikamilisha yeye itakuwa kubwa kuliko ilivyo.

Upande wa pili ni ahadi ya kufidia, na hapa nitakuwa mfupi. "Naomba mnijuze yaliyojiri" si kufidia; ni kuwapa kazi ya pili watu ambao walishafanya ya kwanza kwa kuhudhuria. Muhtasari unaandikwa kwa ajili hiyo. Ausubiri, ausome, kisha aulize swali moja mahususi kama lipo. Anachopaswa kuahidi ni kile kilichokuwa kwake, pamoja na saa. Na katika suala la profoma aangalie chini ya karatasi, mahali muuzaji alipoandika bei inadumu mpaka lini. Kama mojawapo inaisha kabla ya kikao kijacho, hilo liingie kwenye ujumbe, kwa sababu Mwenyekiti anaweza kuamua kuitisha kikao kifupi badala ya kusubiri bei ipande.

Asichopaswa kuingiza kabisa ni maoni kuhusu yaliyoamuliwa. Nimesoma radhi nyingi zinazoishia na "ingawa kuhusu lile azimio la rangi nilikuwa na mtazamo tofauti." Ikiwa akidi ilitimia, azimio limepita. Mwenye hoja asubiri yatokanayo katika kikao kijacho, aombe nafasi kwa Mwenyekiti, aseme. Ukichanganya radhi na pingamizi, wajumbe wataisoma pingamizi tu.

Kuna ombi ninaloletewa karibu kila mara baada ya ujumbe kama huu: "Katibu, nisaidie uniweke kwenye waliotoa taarifa." Siwezi. Muhtasari una safu ya waliohudhuria, ya wasiohudhuria kwa taarifa na ya wasiohudhuria bila taarifa, na taarifa inayohesabika ni ile iliyomfikia katibu au Mwenyekiti kabla kikao hakijafunguliwa. Kenya, ambako wengi huita hati hiyo kumbukumbu za mkutano, safu ya kati ni ya waliotuma udhuru, lakini kanuni ninayoisimamia haibadiliki: ujumbe uliofika baada ya kikao hurekebisha uhusiano, hauandiki upya yaliyotokea. Kama katiba ya kikundi inasema kwamba kukosa vikao kadhaa mfululizo bila taarifa kunamwondolea mtu ujumbe, basi safu hiyo ina uzito wa kisheria ndani ya kikundi, na katibu anayemhamisha mtu kwa urafiki anaharibu ushahidi. Kinyume chake, mtu aliyegundua kosa lake kikao kikiwa bado kinaendelea asianze kutunga radhi. Amwandikie katibu mstari mmoja akiuliza kama anaweza kuingia kwenye ajenda zilizobaki.

Yapo mambo ambayo mimi mwenyewe sijayapatia jibu lililonyooka. La kwanza ni sababu za kiafya na za ndani ya familia. Nimesema neno la jumla halifai, lakini siwezi kumtaka mtu aandike ugonjwa wa mkewe kwenye kundi la watu 14. Ninachopendekeza kwa sasa ni kusema wazi kwamba kuna jambo analibakiza: "Nilikuwa hospitalini na mtu wa familia, na zaidi ya hapo naomba nisieleze." Hilo angalau ni la kweli na lina mipaka, ingawa najua kwamba hata neno "hospitalini" ni zito kwa baadhi ya watu, na hapo nakosa la kusema.

La pili ni pale mwaliko ulipokuwa na kasoro ya kweli, kama ule wa saa 9:00. Hao wajumbe wengine watausoma vibaya mwezi ujao iwapo hakuna atakayesema. Msimamo wangu umekuwa kwamba hilo liandikwe kwa katibu peke yake, siku nyingine, kama pendekezo: andika "saa 3:00 asubuhi" na usiiache saa bila asubuhi au alasiri. Lakini wapo makatibu wasiopenda kusahihishwa faraghani wala hadharani, na kwa hao sina uhakika kwamba ukimya wa siku ya kwanza una faida.

Na kuhusu Mwenyekiti ambaye ni mzee wako kwa umri, ujumbe wa maandishi usiwe wa kwanza kumfikia. Mpigie, msalimu "Shikamoo mzee", mweleze kwa sentensi zile zile mbili, kisha ndipo uandike kwenye kundi. Simu ni kwa ajili ya heshima yake. Maandishi ni kwa ajili ya wajumbe wengine, na ni kwa ajili ya saa 11 jioni, ambapo yeyote anaweza kufungua kundi na kuona kama profoma zimefika.