Mpango kazi siyo lile jedwali la kupaka rangi

Nimeshasikia mara nyingi sana hii sentensi kutoka kwa wanafunzi wa masters hapa Dodoma wanaoandaa andiko la kuomba fedha za utafiti: "mpango kazi nimemaliza, imebaki bajeti tu." Ukiomba uuone huo mpango kazi unaoneshwa jedwali la Excel, juu miezi kumi na miwili, pembeni shughuli sita au saba, na visanduku vimepakwa bluu. Lile jedwali ni ratiba. Ni zuri na linatakiwa, ila bajeti haiwezi kutoka pale, na ndo maana mtu akifika kwenye bajeti anaanza kubuni namba.

Kwa kifupi, mpango kazi ni maelezo ya kazi zenyewe: nini kinafanyika, na nani, kwa siku ngapi za kazi, kinasubiri nini kiishe kwanza, na mwisho wake kinatoa kitu gani cha kushikika. Ratiba ni sehemu ndogo tu ya hayo, inasema lini. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwenye neno "siku", hapo ndo watu wengi wanapotelea.

Kuna siku za kalenda na kuna siku za kazi za watu, ambazo nitaziita siku-mtu, yaani mtu mmoja akifanya kazi siku moja ni siku-mtu moja, watu wanne siku tatu ni siku-mtu kumi na mbili. Hizi mbili hazilingani karibu popote. Chukua vibali. Unatoka na barua ya chuo, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kwenye kalenda hiyo inaweza kula wiki nne. Ila kazi yako wewe hapo ni kupeleka barua, kufuatilia, kuchukua majibu, pengine siku tatu nne kwa ujumla wake. Kisanduku kirefu cha bluu, kazi kidogo. Sasa geukia ukusanyaji wa takwimu, wadodosaji wanne siku kumi na mbili: kisanduku kifupi ila siku-mtu arobaini na nane, na kila moja inalipwa. Ukitoa bajeti kwenye urefu wa visanduku utakuwa umeipa pesa barua na kuinyima kazi ya kijijini.

Na hata hiyo chati yenyewe haikuanza hivi tunavyoitumia. Wengi wanaiita chati ya Gantt bila kujua Gantt ni mtu, Henry Gantt, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka 1919, na kazi yake ilikuwa viwandani. Kwenye chati zake nafasi ile ile ya karatasi ilisimama badala ya muda na pia badala ya kiasi cha kazi kilichotakiwa kufanyika ndani ya muda huo, halafu unachora mstari wa kilichofanyika kweli unaona pengo. Sisi tumebakiza rangi na miezi, kiasi cha kazi tumekitupa, na kile ndo kilikuwa na faida.

Ngoja nioneshe kwa mfano mmoja, namba za malipo ni za mfano tu maana kila chuo na kila mfadhili ana viwango vyake. Mwanafunzi anataka kupima upotevu wa mtama kwenye hifadhi ya kaya wilayani Chamwino. Kwenye metodolojia kaandika kaya 240, vijiji vinne, kaya 60 kila kijiji, anahoji mkuu wa kaya halafu anachota sampuli ya mtama kwenye kihenge au gunia anahesabu punje zilizoliwa na wadudu. Kwenye jedwali lake "ukusanyaji wa takwimu" umepakwa Agosti na Septemba yote. Kwenye bajeti ameweka hivi: wadodosaji 4 × siku 10 × 40,000 = 1,600,000. Inaonekana safi kabisa, ila muulize siku kumi zimetoka wapi, hana jibu, zimetoka kichwani kwa sababu kumi ni namba nzuri.

Sasa tufanye mpango kazi. Hojaji pamoja na kuchota sampuli ni kama saa moja na robo, nyumba za vijijini zimeachana, kuna kutembea, kuna kumsubiri baba arudi, kwa hiyo mdodosaji mmoja akimaliza kaya tano kwa siku amefanya kazi kweli. Watu wanne, kaya ishirini kwa siku, kaya 240 ni siku kumi na mbili, siku tatu kila kijiji. Kabla ya hapo kuna mafunzo siku mbili, maana kuhesabu punje zilizotobolewa siyo kitu mtu anafanya bila kuelekezwa, na siku moja ya kujaribu hojaji kwenye kijiji kingine ambacho hakimo kwenye sampuli. Baada ya hapo siku mbili za kuwarudia waliokosekana, kila mdodosaji anarudi kijiji kimoja. Jumla siku 17. Mara watu wanne ni siku-mtu 68. Mara 40,000 ni 2,720,000.

Tofauti na ile ya kwanza ni zaidi ya milioni moja, lakini siyo pesa ndo inayoniuma. Angalia mtathmini anavyolisoma lile andiko la kwanza. Anachukua siku kumi, anatoa mbili za mafunzo ambazo mwanafunzi mwenyewe kazitaja kwenye metodolojia, anatoa moja ya majaribio, zinabaki saba. Saba mara kaya ishirini ni 140. Kaya 100 hazina mtu wa kuzifikia. Hiyo hesabu inamchukua dakika moja na hahitaji kujua chochote kuhusu mtama. Kuanzia hapo anajiuliza kama mwanafunzi anajua anachoenda kufanya au sampuli ya 240 ameichukua kwenye fomula akaiacha hapo hapo. Wengi wanadhani bajeti inakataliwa kwa kuwa kubwa, wakati bajeti ndogo isiyobeba kazi iliyoandikwa nayo inaangusha andiko, na inaangusha vibaya zaidi, kwa sababu inaonesha utafiti hautaisha.

Ndiyo maana pia ile sehemu inayoitwa uhalalishaji wa bajeti siyo mahali pa kuandika "wadodosaji ni muhimu kwa sababu watasaidia kukusanya takwimu." Hilo kila mtu anajua. Pale unaandika namba imetoka wapi: kaya 240, kaya tano kwa mdodosaji kwa siku, wadodosaji wanne, siku 12 za kuhoji, 2 za mafunzo, 1 ya majaribio, 2 za kurudia, kiwango cha siku kimefuata mwongozo gani. Sentensi mbili zinatosha. Kama hukuwa na mpango kazi huna cha kuandika hapo, na utajaza maneno.

Kuna kitu kingine ambacho ratiba ya rangi inakificha, nacho ni kwa nini Agosti. Mtu akiweka Agosti na Septemba bila kueleza, pesa zikichelewa anasogeza visanduku mbele tu, kama vile miezi yote ni sawa. Kwa Dodoma siyo sawa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, mtama unavunwa baada ya hapo, na Agosti mpaka Septemba ndo vihenge vina nafaka na wadudu wameshaanza kazi. Tuseme pesa imekuja Desemba na kazi ya kijijini imeangukia Januari. Watu wako mashambani asubuhi mpaka jioni, barabara nyingine hazipitiki, mdodosaji anapata kaya tatu badala ya tano. Piga tena: kaya 12 kwa siku, siku 20 za kuhoji, ukiongeza zile tano zinakuwa 25, siku-mtu 100, milioni nne kamili. Kazi ile ile, mwezi tofauti, bajeti imepanda kwa 1,280,000. Na hapo nimeongelea gharama tu, kwa sababu Januari kaya nyingi mtama umeshaliwa au umeshauzwa, kwa hiyo unalipa zaidi kwenda kupima kihenge kitupu. Kwa utafiti huu ukikosa Septemba unasubiri mavuno mengine, na mpango kazi unatakiwa useme hivyo waziwazi kwenye safu ya "kinasubiri nini", ili mfadhili ajue kwamba tarehe ya pesa kutoka siyo jambo la kiofisi tu.

Watu wananiambia, si ndo kazi ya asilimia ya dharura? Hapana jamani. Dharura, pale mfadhili anaporuhusu, na wengine hawaruhusu kabisa kwa hiyo soma mwongozo wa tangazo kwanza, ni kwa ajili ya usichoweza kukiona, mfano bei ya mafuta kupanda ghafla. Kurudia waliokosekana siyo dharura, utawakosa watu, hilo linajulikana tangu leo. Mvua ya Januari Dodoma nayo siyo dharura. Ukishajua kitu kitatokea kina mstari wake.

Mpango kazi pia unafuta mistari ambayo watu wanairithi kwenye maandiko ya waliowatangulia bila kujiuliza. Kama utatumia KoboCollect kwenye simu, ambayo inahifadhi majibu hata pasipo na mtandao na kuyatuma ukifika penye mtandao, basi shughuli ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta haipo, na watu wawili wa kuingiza takwimu kwa siku kumi hawana kazi. Badala yake kuna siku za kutengeneza fomu na kuijaribu, kuna bando, kuna pawabenki. Nimeona andiko lina vyote viwili, simu na waingiza takwimu, na mtathmini aliuliza swali moja tu, hao waingiza takwimu wataingiza nini.

Kwa hiyo ukiambiwa weka mpango kazi, anza na jedwali la shughuli lenye safu za nani, wangapi, siku za kazi, kinasubiri nini na kinatoa nini, halafu kila mstari wa bajeti uupe namba ya shughuli unayoilipia, mstari usio na namba uulize unafanya nini pale. Lile la rangi endelea nalo, liite ratiba, liweke chini yake. Na kama fomu ya mfadhili imekupa ukurasa mmoja tu, punguza la rangi liwe safu moja nyembamba ya miezi pembeni mwa shughuli, usipunguze siku za kazi.